Ugaga Uliojificha Chini ya Ufizi

"Usiende kusafishwa meno, yatalegea." Maneno haya yamezunguka vya kutosha, na kila anayeyasema ana shahidi wake. Shangazi alikwenda kwa daktari na meno yaliyobanana vizuri, akarudi na mianya inayopitisha kijiti. Shangazi hadanganyi. Mianya ipo kweli, na meno yake mawili yalianza kucheza wiki ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza, kabla hajaketi kwenye kile kiti, kwamba mianya hiyo ilikuwapo miaka mingi, imezibwa na ugaga na fizi zilizovimba.

Ugaga huanza ukiwa laini. Ule utando unaoteleza ulimi ukipita juu ya meno asubuhi ni bakteria waliojikusanya, na mswaki unauondoa bila shida. Ukiachwa siku kadhaa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa mgumu kama saruji. Hapo mswaki hauna kazi tena, na anayesugua kwa mkaa au ndimu anajiumizia jino huku ugaga ukibaki palepale. Pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya chini: wengi huuanzia hapo, kwa kuwa matundu ya mate yako chini ya ulimi, jirani kabisa.

Huo wa juu unaonekana, rangi yake ni ya njano, na usafishaji wa kawaida unautoa kwa mkao mmoja. Makala hii inahusu ule wa pili, usioonekana. Huo hushuka chini ya ufizi na kung'ang'ania mzizi, na mara nyingi ni mweusi au wa kahawia iliyokolea. Kati ya jino na ufizi kuna kijimfereji, ambacho kwa mtu mzima wa afya kina kina cha milimita 1 hadi 3. Bakteria wakitulia humo, ufizi huvimba, hutoka damu, kisha huanza kuachia mzizi. Mfupa ulioshika jino nao huliwa polepole, kwa kawaida bila maumivu yoyote. Mfereji unageuka kuwa mfuko, na mswaki haufiki chini yake hata upige mara tano kwa siku.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani mwenye miaka 46. Kwa miaka miwili akipiga mswaki hutema mate yenye damu. Aliona ni mswaki mgumu, akaununua laini. Harufu ya kinywa haikuisha, na gego moja la chini likaanza kucheza. Daktari wa meno anachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anakishusha taratibu kando ya kila jino sehemu sita, na msaidizi anaandika. Meno mengi ya fundi huyu yanasoma 2 na 3. Magego ya nyuma yanasoma 5 na 6, na lile linalocheza linasoma 7. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeshuka.

Hizo namba ndizo zinazoamua. Mwenye fizi zinazotoka damu lakini vipimo vyake haviendi zaidi ya 3 anahitaji usafishaji wa kawaida na mswaki mzuri tu. Mwenye mifuko ya 4 na kuendelea inayotoka damu, na mfupa ulioanza kupotea, ndiye anayekwanguliwa hadi kwenye mizizi. Wavuta sigara wawe macho: sigara hupunguza damu ya fizi, kwa hiyo ugonjwa unaweza kufika mbali bila dalili ile. Wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi kwenye maji, kama ilivyo sehemu za Arusha na Kilimanjaro, wajue kwamba rangi ile imo ndani ya jino. Si ugaga, na kukwangua hakutaiondoa.

Kabla ya kuanza, fundi wetu anatumwa kupima sukari. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha fizi kupona, na ugonjwa wa fizi nao huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyewekewa vali ya moyo, aseme mapema kabisa; huyo wa vali huhitaji dawa ya kuua bakteria kabla ya kuguswa.

Kazi yenyewe hufanywa kwa ganzi, kwa kawaida upande mmoja wa kinywa kwa siku moja na wa pili siku nyingine. Kwanza hutumika mashine yenye ncha inayotetemeka kwa kasi kubwa huku ikimwaga maji. Mtetemo huvunja ugaga na maji huusukuma nje. Utasikia mlio mkali na maji mengi mdomoni, maumivu hapana. Kisha daktari anashika vifaa vya mkono vilivyopinda kama kijiko chenye makali, anakishusha hadi chini ya mfuko na kukivuta kuelekea juu, tena na tena. Macho hayamsaidii sana humo. Anategemea vidole: penye ugaga chuma hukwaruza, mzizi ukiwa safi huteleza. Zamani walikwangua mzizi mpaka ung'ae kama kioo. Siku hizi wengi hawaendi huko, kwa sababu sumu za bakteria hukaa juujuu, na kukwangua kupita kiasi humaliza mzizi wenyewe.

Ganzi ikiisha, fizi huuma kwa siku mbili tatu, na damu kidogo kwenye mate si ajabu. Maji ya chumvi ya uvuguvugu husaidia, dawa ya kawaida ya maumivu hutosha, na mswaki laini usisimame. Kisha huja lile la shangazi. Uvimbe unanywea ndani ya wiki chache, ufizi unakuwa wa waridi na mgumu, lakini umeshuka. Meno yanaonekana marefu, mianya inafunguka, na maji baridi yanachoma mizizi iliyobaki wazi. Kuchoma huko hupungua kwa wiki kadhaa. Dawa ya kusugulia meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayohisi baridi husaidia. Jino lililoshikwa na ugaga kama gundi huweza kucheza zaidi mwanzoni, kisha mengi hukaza kidogo ufizi unapopona.

Ndani ya mfuko, ngozi nyembamba ya ufizi hujishika upya kwenye mzizi uliosafishwa. Mfupa uliopotea haurudi kama ulivyokuwa. Ndiyo maana daktari hapimi tena mapema, asije akatoboa kinachojishika. Husubiri kama wiki sita hadi miezi mitatu. Mifuko ya 5 na 6 ya fundi wetu imeshuka hadi 4 na 3, na haitoki damu. Lile gego la 7 limesimama kwenye 6 na bado linatoa damu. Mizizi ya gego hugawanyika kama miguu ya kigoda, na ugaga ukijibana katikati yake chombo huupita. Hilo litahitaji kukwanguliwa tena, au upasuaji mdogo wa kufunua ufizi, na pengine mwishowe kung'olewa.

Aliyepitia matibabu haya harudi kwenye safari ya mara moja kwa mwaka. Wengi huitwa kila miezi mitatu au minne, kwa kuwa bakteria hurudi kwenye mifuko iliyobaki. Kabla hujatoka chumbani kwa daktari, muombe namba zako za kila jino na uziandike kwenye daftari. Ukihamia mji mwingine, daktari mpya akipima ataona papo hapo ni jino gani linapona na lipi linaendelea kuachia.