Shoti ya elfu kumi iliyokuwa elfu tano

Saa 3 usiku, duka la rejareja Mbagala, Dar es Salaam, linafungwa. Chukua mfano wa muuzaji aliyeshinda hapo tangu asubuhi: amechoka, droo iko wazi mbele yake, na mwenye duka anasubiri hesabu. Anaandika hivi:

“Shikamoo mama. Leo mauzo ni 417,400 ila kuna watu wamekopa na zingine ziko kwenye simu. Nimetoa hela ya luku, maji na mkokoteni, mikate pia nimelipa. Hela iliyopo ni 258,500. Kuna kama elfu kumi hivi haionekani, nadhani ni chenji. Samahani mama.”

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Lakini msomee mwenye duka ujumbe huo naye ataona namba mbili tu, 417,400 na 258,500. Kati yake kuna pengo la 158,900. Muuzaji anasema kumepotea elfu kumi. Karatasi yake mwenyewe inaonyesha laki moja na nusu na ushei ambazo hazina maelezo. Mashaka huanzia hapo, kabla mtu yeyote hajafanya kosa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba muuzaji amelinganisha mauzo na fedha taslimu, vitu ambavyo havipaswi kulingana. Mauzo ni kila kilichotoka dukani. Fedha ya droo ni kile kilicholipwa mkononi, ukijumlisha chenji iliyokuwapo asubuhi na madeni ya zamani yaliyolipwa leo, kisha ukatoa kila shilingi iliyotoka. Muuzaji wetu alianza siku na chenji ya 30,000, na mteja mmoja alilipa deni la juzi, 7,000. Vyote viwili hakuvitaja.

Kabla ya kuandika upya, inabidi arudi kwenye kaunta buku na kuupitia mstari mmoja mmoja. Katikati ya ukurasa anakuta kilo moja ya sukari imeandikwa 8,200. Dukani kwake kilo ni 2,800. Tarakimu zimepishana mkono ulipokuwa na haraka, na mauzo yakaongezeka 5,400 ambazo hazikuwahi kuwapo. Mauzo halisi ni 412,000. Nusu nzima ya ile “elfu kumi” ilikuwa kosa la kalamu.

Watunza hesabu wana kipimo cha kosa la namna hii: tarakimu zikipishana, tofauti hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Gawa 5,400 kwa 9, unapata 600 kamili. Ila kipimo hicho husaidia pale tu ambapo kosa ni hilo peke yake. Tofauti ya kwanza, 10,400, haigawanyiki kwa 9, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kosa la kuandika na upungufu wa kweli. Ndiyo maana kusoma mstari kwa mstari hakukwepeki.

Sasa anaandika upya:

“Shikamoo mama. Hesabu ya leo, Jumanne.
Mauzo yote 412,000. Kati yake Lipa Namba 96,500, mkopo 28,000, taslimu 287,500.
Waliokopa: mama wa chapati 12,000, fundi baiskeli 9,500, mpangaji wa jirani 6,500.
Chenji ya asubuhi 30,000. Deni la juzi lililolipwa taslimu 7,000.
Matumizi 34,000: luku 20,000 (meseji ya tokeni ipo), maji 6,000, mkokoteni 8,000.
Mzigo: mikate 18 kwa 1,500, jumla 27,000.
Zilitakiwa kuwapo 263,500. Zilizohesabiwa 258,500.
Upungufu 5,000. Sababu sijaithibitisha. Saa 11 jioni mteja alinunua vitu vya 3,200. Huenda alitoa noti ya 5,000 nikamrudishia chenji ya 10,000. Sina uhakika.
Nimebakiza chenji ya kesho 30,000. Nakukabidhi 228,500.”

Mwenye duka anaweza kuifuata hesabu hii kwa kidole. Anajumlisha 30,000, 287,500 na 7,000 anapata 324,500; anatoa matumizi 34,000 na mikate 27,000; anafika 263,500. Fedha za Lipa Namba anazithibitisha kwenye simu yake, na wadaiwa anaweza kuwauliza. Kila namba ina mahali pa kuikagua.

Mikate imetengwa na matumizi kwa makusudi. Luku ikishatumika imekwisha, lakini mikate itauzwa na fedha yake kurudi droo. Ukivichanganya, mwisho wa mwezi duka litaonekana lina gharama kubwa kuliko zilizopo, na mwenye duka anaweza kubana mahali pasipostahili.

Hesabu ya fedha zenyewe nayo iandikwe kwa noti, nyuma ya karatasi. Hapa kulikuwa na noti 14 za elfu kumi, 12 za elfu tano, 16 za elfu mbili na 19 za elfu moja, pamoja na sarafu za 7,500. Ikitokea kesho mwenye duka akasema amekuta pungufu, wataanza kwa kuuliza ni noti ipi isiyoonekana, na swali hilo lina jibu.

Sehemu iliyobadilika zaidi ni ile ya upungufu. “Kama elfu kumi hivi” imekuwa 5,000 kamili. “Nadhani ni chenji” imegawanywa: kinachojulikana ni mteja, muda na bei, kinachokisiwa kimeandikwa kuwa ni kisio. Na neno “samahani” limetoka. Adabu ya muuzaji imebaki kwenye shikamoo, lakini kuomba radhi kwa jambo ambalo sababu yake haijajulikana husomeka kama kukiri.

Kukiri huko kuna uzito, maana maduka mengi hukata shoti moja kwa moja kwenye mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, haimruhusu mwajiri kufanya hivyo atakavyo. Ili kufidia hasara, lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokokotoa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Kinachodaiwa kisizidi hasara halisi. Na makato hayo yasipite robo ya ujira wake wa fedha. Kwa karatasi ya kwanza, muuzaji huyu angeweza kukatwa elfu kumi kwa hasara ya elfu tano.

Wapo wauzaji wanaoona aibu wakafidia shoti kimyakimya kutoka mfukoni. Ni kosa, hata likifanywa kwa nia njema. Upungufu wa 5,000 ukijitokeza Jumanne tatu mfululizo, jioni wateja wanapojaa, mwenye duka anaweza kugundua kwamba muuzaji anahitaji msaidizi saa hizo. Ukifichwa, hakuna atakayejua. Ziada nayo iandikwe vilevile: huenda ni chenji ya mteja atakayerudi asubuhi kuidai.

Kuhusu noti zenyewe, dawa ni ndogo. Noti ya mteja ikae juu ya kaunta, nje ya droo, mpaka chenji yake ihesabiwe na kupokewa. Mteja akisema alitoa elfu kumi, noti iko hapo mbele yenu.

Na wewe mwenye duka, ukipokea hesabu ya usiku, zihesabu fedha muuzaji akiwapo, wekeni saini wote wawili, na mwachie nakala yake.