Jina la faili ni la mpokeaji, si la mtumaji

Kikundi kinapoomba mkopo wa halmashauri, afisa maendeleo ya jamii anaweza kuletewa nyaraka kwa simu: katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama. Tuchukue mfano wa kikundi tukiite Tumaini. Katibu anatuma faili lenye jina `katiba.pdf`. Kwake linaeleweka, maana ana katiba moja tu. Lakini afisa anapokea za vikundi vingi. Akihifadhi ya pili yenye jina hilohilo, kifaa chake huiita `katiba (1).pdf`. Miezi minne baadaye hawezi kujua ipi ni ya nani mpaka afungue zote.

Maelezo uliyoandika chini ya faili kwenye WhatsApp hayamsaidii, kwa sababu hubaki kwenye mazungumzo. Akilihamishia faili kwenye kompyuta, kinachokwenda nalo ni jina lake tu.

Kwa hiyo jina lijibu maswali matatu: la nani, ni nini, la lini. Muhtasari wa kikao cha Tumaini uitwe hivi:

```
Tumaini_Muhtasari_2025-03-14.pdf
```

Tarehe hiyo ni ya kikao, si ya siku uliyotuma. Tumeanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili faili za kikundi zenye aina moja zijipange zenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Usiandike 14/3/2025, kwani simu haikubali mkwaju kwenye jina la faili.

Kubadilisha jina kwenye simu nyingi za Android, fungua programu ya Files, bonyeza faili na ushikilie, gusa vidoti vitatu, kisha chagua Rename. Usifute herufi za mwisho, yaani `.pdf` au `.jpg`. Zikipotea, simu ya mwenzako huenda isijue ilifungue kwa programu gani.

Hapa ndipo wengi hukwama. Umepiga picha ya muhtasari, ukaipa jina zuri, ukaituma WhatsApp kama picha ya kawaida. Jina halifiki. Kwa mpokeaji itahifadhiwa kama `IMG-20250318-WA0007.jpg`, na tarehe hiyo si ya kikao. Ili jina libaki, gusa alama ya kuambatisha, chagua Document badala ya picha, kisha tafuta faili lako. Maandishi nayo yatasomeka vizuri zaidi, kwa sababu picha haipunguzwi ubora.

Ukirekebisha waraka baada ya kuutuma, usiuite "mpya" wala "wa mwisho". Kesho unaweza kurekebishwa tena, nao "mpya" ukawa wa zamani. Ongeza namba: `Tumaini_Muhtasari_2025-03-14_toleo2.pdf`. Afisa akiona matoleo mawili, atajua la kufuata bila kukupigia simu.