Kumtoa Mpangaji Dukani: Notisi Isemeje, na kwa Muda Gani

Wenye nyumba wengi nchini Kenya huamini kwamba mpangaji wa duka akishavunja masharti, hasa akishindwa kulipa kodi, barua ya siku saba inatosha. Siku ya nane kufuli jipya hutundikwa mlangoni. Sheria haisemi hivyo. Duka, hoteli na mkahawa vina sheria yake tangu mwaka 1965, na sheria hiyo humlinda mpangaji hata pale ambapo kosa ni lake waziwazi. Haimzuii mwenye nyumba kumtoa. Inamtaka tu aseme sababu inayotambuliwa na sheria, kwa maandishi ya namna fulani, na ampe muda.

Kwanza tujue ni nani anayelindwa. Upangaji unaohusika ni ule ambao haukuandikwa popote, yaani wa kukubaliana kwa mdomo, au ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mkataba mrefu zaidi nao huingia humo iwapo una kipengele kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka mitano kwisha bila mtu kukosa. Kwa hiyo duka lako la nafaka ulilopangishwa kwa maneno matupu, bila hata karatasi ya kusaini, lina ulinzi mkubwa kuliko ofisi ya kampuni yenye mkataba wa miaka sita uliopigwa mihuri. Wengi hushangaa kusikia hivyo. Asiyelindwa ni aliyepanga kwa serikali au kwa mamlaka ya mji, kwa mfano mwenye kibanda katika soko la kaunti.

Sasa tuje kwenye sababu. Sheria inazitaja moja baada ya nyingine, na zinazohusu makosa ya mpangaji ni tatu. Ya kwanza ni kuacha jengo liharibike ilhali matengenezo yalikuwa juu yake. Ya pili ni kodi, nayo ina sura mbili: ama kodi imekaa miezi miwili bila kulipwa tangu siku ilipopaswa kulipwa, ama mpangaji hulipa lakini kila mara kwa kuchelewa. Ya tatu ni uvunjaji mwingine mkubwa wa masharti, au sababu nyingine inayohusu namna anavyolitumia na kulitunza jengo. Hapo ndipo huangukia aliyepanga duka la nguo akaligeuza karakana ya kuchomelea vyuma, au aliyebomoa ukuta bila ruhusa. Neno la kuzingatia hapo ni “mkubwa”. Kibao kilichotundikwa kombo hakimtoi mtu dukani.

Tuchukue mfano wa duka moja la rejareja Mombasa, lililopangishwa kwa mdomo, kodi shilingi 18,000 kila mwezi, ya kulipwa kufikia tarehe 5. Mpangaji hakulipa mwezi wa Machi, wala Aprili, wala Mei. Kufikia tarehe 5 Mei, kodi ya Machi imetimiza miezi miwili, na sababu ya pili imekamilika. Tarehe 12 Mei mwenye nyumba anaketi kuandika notisi. Hawezi kuiandika apendavyo. Kuna fomu maalumu iliyowekwa na kanuni za sheria hiyo, Fomu A, na barua ya kawaida haishiki nafasi yake, hata ikiwa imeandikwa na wakili.

Ndani ya notisi hiyo lazima sababu itajwe. “Umevunja masharti” peke yake ni maneno ya hasira tu. Aandike kwamba kodi ya Machi, Aprili na Mei, jumla shilingi 54,000, haijalipwa, na kwamba ya Machi imepita miezi miwili. Kama mpangaji amekuwa na mazoea ya kuchelewesha, aongeze na hilo, kwa sababu mbele ya jopo atabanwa na sababu alizozitaja mwenyewe. Aliyeandika kodi hawezi kufika huko akaanza kulalamikia ukuta uliobomolewa. Notisi lazima pia imtake mpangaji ajibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu alipoipokea, kama anakubali kuondoka au la. Sehemu hiyo ikikosekana, notisi haina nguvu.

Linalowaangusha wengi ni tarehe. Mwenye nyumba wetu anahesabu miezi miwili kutoka siku aliyoandika, anaweka tarehe 12 Julai, kisha anaipeleka notisi dukani tarehe 15 Mei. Tayari ameshindwa. Miezi miwili huhesabiwa tangu mpangaji alipoipokea, na kutoka tarehe 15 Mei hadi 12 Julai kumepungua siku tatu. Juu ya hayo, upangaji wa mwezi kwa mwezi haukatwi katikati ya mwezi, kwani sheria hairuhusu tarehe ya kuondoka iliyo mapema kuliko siku ambayo upangaji wenyewe ungeweza kwisha. Tarehe salama hapa ni 31 Julai. Mkataba ukisema notisi iwe ya muda mrefu zaidi, mathalani miezi mitatu, basi ni miezi mitatu. Kupunguza chini ya miwili kunawezekana tu kwa makubaliano ya maandishi.

Notisi yenyewe anakabidhiwa mpangaji mkononi, au mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi wake wa pale dukani. Njia nyingine ni posta, kwa barua ya rejista. Kuibandika mlangoni au kuipiga picha na kuituma kwa simu ni kujitafutia ubishi. Apokeaye aandike tarehe na kutia saini kwenye nakala, kwa kuwa ugomvi mkubwa huanzia hapo: ilipokelewa lini?

Je, haya si ukali wa bure kwa mtu anayedai haki yake? Mahakama ya Rufani ilipolitazama jambo hili katika kesi ya duka moja la Diani, ilisimama imara kwamba utaratibu uliowekwa na sheria lazima ufuatwe. Naona walikuwa sahihi. Anayepoteza duka hupoteza na wateja wake, na miezi miwili si mingi kwa mtu wa kuhamisha shehena na kutafuta pengine. Hasara ya notisi mbovu, hata hivyo, humwangukia mwenye nyumba: inabidi aanze upya, na miezi miwili ianze kuhesabiwa tena, huku deni likizidi kukua.

Mpangaji naye asilale. Katika mfano wetu ana hadi tarehe 15 Juni kujibu kwa maandishi kwamba hakubali, na lazima apeleke shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku ya notisi kuanza kazi. Akilipeleka, notisi husimama hadi jopo liamue. Akinyamaza, notisi iliyoandikwa sawasawa hukata upangaji tarehe 31 Julai, na hapo hata hoja nzuri huwa imechelewa. Jopo laweza kumruhusu aliyechelewa, lakini kwa sababu ya kuridhisha tu.

Mkataba unaozidi miaka mitano usio na kipengele cha kuuvunja mapema hauingii humu. Huo hufuata Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, inayotaka notisi ya siku zisizopungua 30, itaje kosa lenyewe na, likiwa la kurekebishika, impe mpangaji nafasi ya kulirekebisha.

Na kwa duka linalolindwa, anayetaka kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya deni lazima kwanza apate kibali cha jopo. Dalali asipokuwa nacho, mwambie akionyeshe kwanza. Asiyeridhika na uamuzi wa jopo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.