Mzee, Tangazo Lisimame Kwanza

Tuseme mwenye karakana ya makochi pale Keko, Dar es Salaam, amempa kijana wa masoko kazi ya kumtangazia bidhaa Facebook na Instagram. Tangazo lina picha ya seti moja nzuri, na chini yake kitufe kinachompeleka mtazamaji WhatsApp. Bajeti ni Sh 30,000 kwa siku. Wiki nne zimepita, Sh 840,000 zimekwenda, na seti zilizouzwa kupitia tangazo hilo ni mbili tu. Kijana ameona bora tangazo lisimame, na inabidi amwandikie mzee kumweleza kwa nini.

Wengi wakifika hapo huijaza barua habari za kufariji: watu wangapi wameliona tangazo, wangapi wameipenda picha. Kwangu mimi huko ni kumkosea mzee heshima, maana mafundi wake hawalipwi kwa sifa za picha. Barua ianze na ushauri wenyewe, kisha hesabu anayoijua yeye:

“Shikamoo Mzee. Nashauri tulisimamishe tangazo la makochi kuanzia kesho. Kila seti tuliyouza imekula Sh 420,000 za matangazo, wakati faida yako kwa seti ni Sh 200,000. Ili fedha hii irudi, tulitakiwa kuuza angalau seti tano.”

Mzee anaweza kujibu kwamba biashara ina siku zake, tuvumilie kidogo. Ana hoja, kwani mauzo mawili ni machache mno kuyatolea hukumu; wiki moja ya bahati ingebadilisha picha yote. Ndiyo maana barua haina budi kurudi nyuma hatua moja, kwenye meseji, ambazo ni nyingi kiasi cha kuonyesha mwelekeo. Wiki ya kwanza ziliingia 61, kila moja kwa kama Sh 3,400. Wiki ya nne, kwa fedha ileile, ziliingia 19, na kila moja ikapanda hadi kama Sh 11,000.

Sababu mojawapo inaonekana kwenye ripoti ya matangazo, safu iitwayo Frequency, inayoonyesha kila mtu ameliona tangazo mara ngapi kwa wastani. Imepanda kutoka 1.6 hadi 4.8. Yaani tangazo linawazungukia watu walewale, na waliotaka kuuliza walishauliza. Safu hiyo peke yake haitoshi kuliua tangazo, maana wapo wanunuzi wanaohitaji kuona kitu mara kadhaa. Ila inapopanda huku gharama ya meseji nayo ikipanda, tangazo limechoka.

Sababu kubwa zaidi imo ndani ya mazungumzo yenyewe, na kijana makini huyasoma yote kabla ya kuandika chochote. Mengi yanakwenda hivi: “Bei gani?” “Sh 1,200,000.” Kisha kimya. Picha haikuwa na bei. Tena mtambo wa matangazo uliagizwa ulete mazungumzo, nao ukatii: ukawatafuta watu wepesi wa kutuma meseji, wawe na uwezo wa kununua au wasiwe nao. Kuuongezea fedha kwa agizo lilelile ni kununua maswali mengine ya bei. Hili barua iliseme wazi, pamoja na jambo ambalo mzee huenda asilipende: meseji za usiku zilikuwa zikijibiwa kesho yake mchana, wakati muulizaji ameshapata kochi kwingine.

Barua ieleze pia kwamba kusimamisha si kufuta. Tangazo litazimwa, lakini kumbukumbu na maoni ya watu vitabaki. Kuna hasara yake: likizimwa kwa siku saba au zaidi, mtambo huanza kujifunza upya litakapowashwa, na mwongozo wa Meta unasema unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki ili utulie. Kwa hiyo siku za mwanzo gharama itayumba. Hapa hasara hiyo inavumilika, kwa sababu picha itabadilishwa, na mabadiliko kama hayo nayo huurudisha mtambo kujifunza.

Sehemu ya mwisho ya barua imwachie mzee masharti anayoweza kuyapima mwenyewe:

“Tukirudi, picha itakuwa na bei. Meseji zitapungua, usishtuke. Tutaangalia seti zinazouzwa: zikiwa mbili kwa wiki, kila moja itakuwa imekula Sh 105,000, na utabaki na Sh 95,000. Zikiwa chini ya hapo kwa wiki mbili mfululizo, tutazima tena. Kwa muda tutakaosimama, malipo yangu ya usimamizi nayo yasimame. Nimekuambatanishia namba za waliosema wanasubiri mshahara. Naomba kijana wa dukani awapigie mwisho wa mwezi.”