Namba ya keateka na saa zake: ilani ya mwenye nyumba inapaswa kusema nini

Kwenye ploti nyingi za Nairobi, kuanzia Zimmerman hadi Pipeline, kuna karatasi iliyobandikwa karibu na geti au penye ngazi za kwanza. Mara nyingi ina mistari miwili tu: “Wapangaji wote mnajulishwa kuwa namba ya keateka ni hii. Apigiwe kuanzia saa 2 hadi saa 11.” Chini yake pana muhuri au sahihi ya mwenye nyumba, na hapo ilani imeisha.

Mwenye nyumba ana haki ya kuweka saa. Keateka ndiye anayefungua valvu za maji, anayewasha pampu, anayeshika funguo za kisanduku cha mita na za paa, anayemwita fundi na anayewaonyesha wageni nyumba zilizo wazi. Kwa kuwa mara nyingi anaishi katika chumba cha pale pale getini, watu humdhania yuko kazini muda wote anaoonekana. Simu yake hulia alfajiri kwa ajili ya balbu ya ngazi na usiku wa manane kwa ajili ya jirani anayesogeza viti. Kasoro ya ilani ya mistari miwili ni kwamba inawaambia watu wasipige lini, lakini haiwaambii wafanye nini wakati huo.

Bomba la saa 3 usiku

Tuchukue mfano wa ghorofa ya nyumba arobaini. Saa 3 usiku, bomba la jikoni linapasuka katika nyumba B4, ghorofa ya tatu. Mpangaji anafunga koki iliyo chini ya sinki, lakini imeshika kutu na haizunguki. Valvu ya ghorofa nzima iko ndani ya kisanduku cha ukutani chenye kufuli, na ile ya tangi iko juu ya paa, mlango wake umefungwa. Funguo zote mbili anazo keateka. Ilani inasema mwisho wa kupiga ni saa 11 jioni.

Mpangaji mwenye adabu atasita. Ataweka ndoo, atakung’uta maji kwa kitambaa, na pengine atasubiri asubuhi. Tuseme bomba hilo linamwaga lita 10 kwa dakika. Kutoka saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi ni saa kumi na moja, yaani lita 6,600, ambazo ni sawa na mitungi 330 ya lita 20. Nyumba zote zinategemea tangi la juu, kwa hiyo asubuhi mabomba ya ghorofa nzima yanaweza kuwa makavu. Nyumba ya chini yake itakuwa imevuja dari, na maji yakiingia kwenye taa au swichi, tatizo la maji linakuwa tatizo la stima.

Mambo yangekuwa tofauti kama ilani ingekuwa na mstari mmoja zaidi: “Bomba likipasuka, piga saa yoyote.” Keateka angeamka, angefunga valvu kwa dakika chache, akarudi kulala. Fundi angekuja asubuhi.

Dharura zitajwe kwa majina

Haitoshi kuandika “isipokuwa kwa dharura”. Kila mtu ana dharura yake. Kwa anayetaka kutazama mpira, tokeni zilizoisha ni dharura. Ndiyo maana ilani nzuri huzitaja moja moja, na orodha yenyewe si ndefu: bomba lililopasuka, majitaka yanayorudi ndani ya nyumba, cheche au harufu ya waya unaoungua, harufu ya gesi kwenye ngazi, moto, na mtu aliyenaswa mahali asipoweza kutoka.

Hata katika hizo, keateka si wa kwanza kila mara. Moto ukiwaka, watu watoke kwanza, kisha ipigwe 999 au 112, na keateka ajulishwe ili azime stima ya jengo na kufungua geti. Gesi ikinuka, funga regyuleta ya mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, na simu ipigwe ukiwa umeshatoka nje. Ugomvi wa kupigana ni kazi ya polisi. Kumtuma keateka peke yake aamue ugomvi usiku ni kumtia hatarini.

Stima kupotea ndiko huleta simu nyingi zisizo na haja. Kabla ya kupiga, mpangaji atazame kwa jirani. Kama jirani ana stima, aangalie tokeni zake na swichi kuu ya nyumba yake. Swichi ikishuka tena mara tu inapopandishwa, aiache chini, achomoe vyombo na amwite keateka, kwa sababu hiyo ni dalili ya hitilafu ndani. Kama mtaa wote ni giza, keateka hana la kufanya. Namba ya Kenya Power ya kuripoti ni 97771, na inafaa iandikwe kwenye ilani ile ile.

Maji nayo yana utaratibu wake. Nairobi maji ya bomba huja kwa zamu, na maeneo mengi hupata siku fulani za wiki tu. Ilani ikitaja siku za maji za mtaa huo na saa ambazo pampu huwashwa, swali la “maji yanakuja lini?” halitahitaji simu.

Saa zinazowezekana

Keateka ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na amri ya jumla ya mishahara inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 52 kwa wiki, zikigawanywa katika siku sita. Mwenye nyumba anayeandika saa za simu anaandika pia, atake asitake, saa za kazi za mtu huyu.

Akiandika “saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, kila siku”, hizo ni saa 16 kwa siku na 112 kwa wiki. Ni kweli kwamba kungojea simu si sawa na kuchimba mtaro, lakini hakuna dakika katika saa hizo 112 ambayo mtu huyu anaweza kwenda mbali na geti. Akiandika saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na kutoa saa moja ya chakula, jumla ni saa 48. Hapo anabaki ndani ya kiwango, na dharura chache za usiku zinabebeka. Kwa Jumapili na siku za likizo, ilani iweke namba ya pili: ya mlinzi wa usiku, ya wakala au ya mwenye nyumba mwenyewe. Bila namba ya pili, siku keateka amesafiri kwenda kwao au simu yake imezima chaji, jengo lote halina pa kuuliza.

Saa zenyewe ziandikwe bila utata. Ilani inayosema “8:00 hadi 12:00” inaweza kusomwa kwa saa za simu au kwa saa zetu za Kiswahili, na mmoja atapiga asubuhi huku mwingine akingojea mchana. “Saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni” haina njia mbili za kusomwa.

Namba hiyo isiwe mlango wa pesa

Kila mwisho wa mwezi, simu nyingi za Wakenya hupokea ujumbe wa aina hii: kodi ya mwezi huu itume kwa namba hii, ile ya kawaida ina shida. Matapeli huutuma kwa watu wengi bila kuwajua, wakitumaini baadhi yao ni wapangaji waliokuwa karibu kulipa. Dalili zake ni rahisi: hautaji jina lako wala namba ya nyumba yako, unatoka namba usiyoijua, na una haraka.

Ilani ya keateka inaweza kuufunga mlango huo au kuufungua. Wapangaji wakizoea kumtumia keateka kodi kwenye simu yake, ujumbe wowote wa “keateka mpya” utaaminika. Ilani iseme wazi kwamba kodi inalipwa kwa namba moja ya Paybill, iitaje, na iongeze kwamba keateka hapokei kodi wala amana. Mpangaji naye asome jina linalojitokeza kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha malipo. Ujumbe wa utapeli kwenye laini ya Safaricom hupelekwa 333.

Kwa sababu hiyo hiyo, ni afadhali laini ya simu iwe ya nyumba, si ya keateka binafsi. Akiacha kazi, laini inabaki na anayefuata anaichukua. Inapokuwa yake binafsi, ataendelea kupigiwa na wapangaji wa kazi aliyoiacha, huku namba yake ikibaki ukutani kwa kila mpita njia. Chini ya ilani iwepo tarehe, ili mpangaji ajue karatasi ipi ni mpya, na ile ya zamani ibanduliwe.

Namna ya kupiga

Upande wa mpangaji una kazi pia. Anza na namba ya nyumba, kisha tatizo, kisha ulichokwisha fanya: “Keateka, habari za usiku. Ni B4. Bomba la jikoni limepasuka, koki ya chini haifungi.” Kwa maneno hayo anajua achukue ufunguo upi kabla ya kutoka chumbani.

Kwa mambo yasiyo ya dharura, kama unyevu ukutani, kitasa kilicholegea au choo kisichojaa maji, tuma ujumbe wa maandishi ndani ya saa zilizowekwa na usiufute. Siku ya kuhama, mwenye nyumba akitaka kukata amana kwa sababu ya ukuta uliooza, ujumbe huo wenye tarehe utaonyesha kwamba uliripoti mapema. Simu ya mdomo haiachi ushahidi huo.

Ukipita getini leo ukakuta ilani yenye namba na saa peke yake, mwombe mwenye nyumba aongeze mambo matatu: dharura zinazoruhusiwa saa yoyote, namba ya pili keateka asipopatikana, na namba pekee ya kulipia kodi. Yote yanaenea kwenye karatasi ile ile.