Desturi ya Matoleo katika Michezo ya Redio: Mfano wa Singida

Miongoni mwa waandishi wa michezo ya redio wanaoandika kwa agizo la mteja, yaani taasisi inayogharimia kampeni na yenye kauli ya mwisho juu ya mswada, kila toleo hupewa namba yake, na toleo lililokwisha kutumwa haliguswi tena. Uzito wa desturi hiyo huonekana vizuri katika mada ya ukeketaji mkoani Singida, ambako baadhi ya familia za Wanyaturu zimeuchukulia ukeketaji kuwa tiba ya lawalawa, jina wanaloyaita maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo, na ambako, baada ya sheria ya mwaka 1998 kuufanya kuwa kosa la jinai kwa wasichana walio chini ya miaka 18, watoto wachanga nao wamekeketwa kwa siri. Katika mada hiyo kauli moja ya bibi katika mchezo huweza kupimwa na daktari na wazee kabla ya kupitishwa, na anayeipoteza huwarudisha wote barazani.

Ichukuliwe kwamba onyesho la 4, ambamo bibi na mkwewe wanabishana juu ya mtoto, limepitishwa katika toleo la 2, kisha mteja akaomba muuguzi atangulie kusikika. Mwandishi mzoefu huliita onyesho jipya 3A, wala hasogezi namba zilizopo, kwa kuwa barua ya mteja isemayo kwamba onyesho la 4 limekubaliwa ingeanza kuelekeza kwenye maneno ambayo hakuyasoma. Na onyesho likiondolewa, namba yake hubaki mahali pake na neno “limeondolewa”.

Hasara kubwa hutokea pale mwandishi msaidizi anapoingiza maoni mapya katika toleo la 1 lililosalia kwenye kompyuta yake, na dalili yake ni kurejea kwa sentensi ambayo mteja alikwisha kuikata. Kwa hiyo toleo la 3 hulinganishwa na la 2 mstari kwa mstari, na kila badiliko lisilo na namba ya maoni yaliyolizaa hurudishwa lilivyokuwa.

Hata hivyo, ulinganishaji huo hauoni kila kitu. Mteja akitaka katika onyesho la 7 mtoto awe na miaka miwili badala ya miezi mitatu, onyesho la 4 litabaki salama kwa maneno lakini limeharibika kwa maana, kwa kuwa bibi bado anasema, “Mjukuu wangu hajaota hata jino.” Kosa la namna hii hunaswa na anayesoma mswada mzima kwa sauti, si na anayesoma marekebisho peke yake, naye mwandishi, hata akiwa na hakika, hausahihishi mstari huo kimyakimya, bali humwandikia mteja kuomba onyesho la 4 lifunguliwe kwa mstari huo tu.