Kufunga Hesabu za Duka: Kodi Iliyolipwa Mbele na Stima Inayodaiwa

Mkulima wa skimu aliye na duka dogo mara nyingi hufunga hesabu yake tarehe 31 Desemba kwa njia nyepesi. Huchukua daftari, hujumlisha fedha zilizoingia, huondoa zilizotoka, na kinachobaki hukiita faida. Njia hii haimletei taabu kubwa ikiwa duka ni lake peke yake. Lakini siku faida hiyo itakapogawanywa baina ya watu wawili, yaweza kumnyima mmoja haki yake bila mtu yeyote kuiba hata senti. Sababu yake ni kwamba fedha hazitoki siku ile ile kitu kinapotumika. Kodi ya duka hulipwa kabla ya kulitumia duka, na bili ya stima hulipwa baada ya kuitumia stima.

Tuseme wakulima wawili majirani walikodi chumba sokoni tarehe 1 Februari 2025, wakauza unga, sukari, sabuni na chumvi ya ng'ombe. Kodi ni Shs. 5,000 kwa mwezi, nayo hulipwa miezi mitatu mbele. Walilipa Shs. 15,000 mwezi wa Februari, kiasi hicho hicho mwezi wa Mei, na tena mwezi wa Agosti. Tarehe 1 Novemba mwenye nyumba alikuwa na shida ya fedha, akawaomba miezi sita kwa mara moja, wakampa Shs. 30,000. Kwa hiyo daftari lao laonyesha kodi ya Shs. 75,000. Kwa stima walikuwa wamelipa Shs. 16,400, na bili ya mwisho waliyoilipa ilikuwa ya stima iliyotumika mpaka tarehe 10 Novemba. Baada ya kuondoa bei ya bidhaa na gharama nyingine zote, zilibaki Shs. 142,000 ambazo hazijatolewa kodi wala stima.

Mwisho wa Desemba mmoja wao alitaka kuliacha duka na kurudi kwenye ng'ombe wake wa maziwa. Kurudishiwa mtaji wake ni jambo jingine; hapa twatazama nusu yake ya faida tu. Mwenziwe alifungua daftari, akatoa 75,000 na 16,400 kutoka katika 142,000, akapata 50,600. "Nusu yako ni 25,300, ndugu yangu," akasema. Daftari halikuwa na uongo ndani yake. Hata hivyo hesabu haikuwa sawa.

Tazama kodi kwanza. Usiulize ni fedha ngapi zilizotoka, bali uliza duka lilitumika miezi mingapi katika mwaka huo. Toka Februari mpaka Desemba ni miezi 11, na miezi 11 kwa Shs. 5,000 ni Shs. 55,000. Hiyo ndiyo kodi ya mwaka 2025. Shs. 20,000 zilizozidi ni kodi ya Januari, Februari, Machi na Aprili 2026, miezi ambayo anayebaki ataitumia akiwa peke yake. Fedha hizo si gharama ya mwaka uliokwisha. Ni mali ya duka iliyo mikononi mwa mwenye nyumba, kama vile magunia ya unga yaliyo stoo ni mali ambayo haijauzwa. Ikiwa zitaondolewa katika faida ya 2025, anayetoka atakuwa amemlipia mwenziwe nusu ya kodi ya miezi minne.

Hapa risiti ndiyo shahidi. Risiti iliyoandikwa "kodi, Shs. 30,000" haisaidii sana, kwa sababu haisemi ni kodi ya miezi gani. Mwambie mwenye nyumba aandike "Novemba 2025 mpaka Aprili 2026". Wagombanao juu ya kodi hugombana juu ya miezi mara nyingi kuliko juu ya fedha.

Stima huenda kinyume. Bili ya tarehe 11 Novemba mpaka 10 Desemba ilikuwa imefika, Shs. 1,800, lakini haikuwa imelipwa. Tena, toka tarehe 11 mpaka 31 Desemba taa na friji ziliendelea kutumia stima ambayo bili yake haijafika hata kidogo. Yote mawili ni deni la mwaka 2025, kwa sababu soda zilizopozwa kwa stima hiyo ziliuzwa mwaka huo na fedha zake zimo katika zile 142,000.

Bili ambayo haijafika yaweza kukadiriwa vizuri. Jioni ya tarehe 31 Desemba soma mita mwenyewe na uandike namba yake daftarini. Ondoa namba iliyosomwa mara ya mwisho, ambayo imeandikwa katika bili ya Desemba. Tuseme tofauti ni yuniti 42. Bili ile ya Shs. 1,800 ilikuwa ya yuniti 60, basi kila yuniti, pamoja na ushuru na makato yote, ilikuwa Shs. 30. Yuniti 42 ni Shs. 1,260. Ongeza 1,800 na deni ni Shs. 3,060. Kwa hiyo stima ya mwaka ni 16,400 na 3,060, yaani Shs. 19,460.

Sasa hesabu iliyo sawa ni 142,000, utoe 55,000 za kodi na 19,460 za stima, zabaki Shs. 67,540. Nusu yake ni 33,770. Yule anayetoka alikuwa karibu kupoteza Shs. 8,470. Wala anayebaki haonewi, maana kama deni la stima lisingeingizwa, angelilipa lote peke yake mwezi wa Januari.

Lakini faida si fedha zilizo ndani ya kisanduku. Shs. 20,000 ziko kwa mwenye nyumba, na Shs. 3,060 zilizo kisandukuni zina mwenyewe. Kwa hiyo yafaa wapatane anayetoka atalipwa lini kabla hajaanza kudai zote siku hiyo hiyo.

Kosa linalofuata hutokea mwezi wa Januari. Mtu hulipa bili ya Shs. 1,800 na kuiandika kama gharama ya mwaka mpya, akisahau kwamba imekwisha hesabiwa mwaka uliopita. Ili lisitokee, ukurasa wa stima wa 2026 uanze na deni la Shs. 3,060, na ukurasa wa kodi uanze na Shs. 20,000 zilizokwisha lipwa. Tuseme bili ya mpaka tarehe 10 Januari ikaja Shs. 1,900. Malipo ya bili mbili ni Shs. 3,700, ukitoa 3,060, zabaki 640, nazo ndizo gharama ya 2026. Huenda makisio yako yalipungua au yakazidi kwa shilingi chache, kwa kuwa bei ya yuniti hubadilika mwezi hata mwezi. Usifungue tena daftari la zamani kwa ajili ya hizo. Ziache ziingie mwaka mpya.

Mwenye mita ya tokeni naye hufuata hesabu kama ile ya kodi. Jioni ya 31 Desemba atazame yuniti zilizobaki katika mita, azizidishe kwa bei aliyozinunulia, na kiasi hicho akitoe katika gharama ya mwaka unaokwisha. Zikiwa yuniti tatu au nne tu, haina haja.